Kolsaini ikianza na D ni Denmark, au mnanichezea?

#1 Antena_ya_Waya
Wakuu, niamulieni ugomvi. Juzi usiku nilikuwa nazungusha redio ya masafa mafupi nikakutana na mlio wa kukwaruza, kama teleksi za zamani, kwenye 10100.8 kHz. Nikauingiza kwenye programu ya kusimbua, kioo kikaanza kujaza mistari hii, inajirudia tu:

```
CQ CQ CQ DE DDK2 DDH7 DDK9
FREQUENCIES 4583 KHZ 7646 KHZ 10100.8 KHZ
RYRYRYRYRYRYRYRY
```

Mimi msimamo wangu: herufi ya kwanza ya kolsaini, yaani jina la kituo cha redio, inatosha kukwambia nchi. F ni Ufaransa, J ni Japani, I ni Italia. Kwa hiyo D ni Denmark, kesi imefungwa. Mwenzangu anabisha mpaka mishipa ya shingo inamtoka, anasema ni Ujerumani, ila ukimuuliza sababu hana. Nani kala za uso?

#2 kijukuu_cha_marconi
Nimeweka kambi. Ngojeni wazee wa bahari waamke.

#3 Bi_Fundi
Mwenzako yuko sahihi na jibu liko mbele ya macho yako. Soma tena: CQ CQ CQ DE. Hilo DE ndilo Ujerumani, kama anwani zao za mtandao zinavyoishia na .de. Wamejitaja kabla hata ya kolsaini yenyewe.

#4 Antena_ya_Waya
Duh. Hilo sikuliona. Basi nimekubali yaishe.

#5 Sparks_Mstaafu
Usikubali upesi hivyo mleta uzi. Bi_Fundi kafika nchi sahihi kwa njia ya uongo. Nimekaa chumba cha redio melini miaka kumi na tisa, na hiyo DE nimeigonga kwa mkono mara nyingi kuliko jina langu. DE maana yake "hapa anaongea fulani". CQ ni wito kwa wote, kisha DE, kisha jina la anayeita. Wachina wanaandika DE, Wagiriki wanaandika DE, meli ya Panama inaandika DE. Ingekuwa ni Ujerumani, basi bahari nzima ingekuwa yao.

Sasa turudi kwenye kolsaini yenyewe. Herufi za mwanzo hazichaguliwi na kituo. Zinatoka kwenye jedwali la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, lile la Kiambatisho cha 42 cha Kanuni za Redio, ambapo kila nchi imepewa fungu au mafungu yake. Na fungu huandikwa kwa herufi tatu, toka mwanzo wake hadi mwisho wake. Herufi D ikifuatwa na herufi nyingine imegawanywa hivi: DAA mpaka DRZ ni Ujerumani, DSA mpaka DTZ ni Korea Kusini, DUA mpaka DZZ ni Ufilipino. Denmark haimo kabisa! Fungu kubwa la Denmark liko kwenye O, OUA mpaka OZZ.

DDK inaangukia kati ya DAA na DRZ. Hivyo ni Ujerumani. Na hicho kituo ni cha idara yao ya hali ya hewa, mtambo uko Pinneberg, karibu na Hamburg. Ukingoja hiyo mistari ya RYRY imalizike utaona utabiri wa bahari unashuka.

#6 Bi_Fundi
Nimekubali kosa, Sparks. Lakini nchi niliitaja sahihi, hiyo pointi naiweka mfukoni.

#7 Mpiga_Simu_01
Samahani wakuu, mimi kuna namba inanisumbua usiku inaanza na +49, hiyo nayo nitaitafuta kwenye jedwali hilo la D?

#8 kijukuu_cha_marconi
Mkuu hizo ni namba za simu. Hapa tunaongelea majina ya vituo vya redio, meli na ndege. Pokea simu umuulize mwenyewe 😂

#9 Jicho_la_Kati
Kumbe na mimi nilishaangukia shimo hili hili la D, tena vibaya kuliko mleta uzi. Napenda kusikiliza redio za nchi za watu kupitia vipokezi vya mtandaoni. Siku moja nikanasa kituo cha mawimbi ya kati, mtangazaji anataja kolsaini inayoanza na DW. Muziki sikuuelewa, lugha sikuielewa, lakini DW nikaielewa mno! Nikaandika ripoti nzuri ya usikivu, saa, dakika, nguvu ya mawimbi, nikaituma kwa watangazaji fulani wa Ujerumani. Walinijibu kwa upole kwamba siku hiyo hawakuwa na matangazo yoyote kwenye masafa yale.

Baada ya miezi ndipo nikajua DW kwenye jedwali ni Ufilipino. Redio nyingi za kule zinaanza na DW, DX, DY au DZ. DZRH kwa mfano ni ya Manila. Lugha niliyoisikia ilikuwa Kitagalogi.

#10 Antena_ya_Waya
Hahaha, afadhali mimi sikutuma barua.

Sparks, asante. Ila sasa umenitatiza. Kama D haitoshi, mbona F inatosha? Nikate wapi? Herufi moja, mbili, tatu? Na zile namba 2, 7 na 9 mwishoni, nazo zina nchi?

#11 Mzee_wa_Bendi
Namba za mwishoni ni rahisi. Zinaonyesha masafa kwa MHz. DDH7 iko 7646 kHz, yaani saba. DCF77, ile inayorekebisha saa za ukutani Ulaya, iko 77.5 kHz. Umeona? Tarakimu ni masafa.

#12 Jicho_la_Kati
Mzee, DDK2 iko 4583 kHz. Mbili iko wapi hapo? Na DDK9 iko 10100.8.

#13 Mzee_wa_Bendi
Labda walihama masafa wakabaki na jina la zamani.

#14 Sparks_Mstaafu
Kwa DCF77 uko sahihi, ile 77 kweli inatokana na masafa. Kwa DDK2 sikubaliani, ila sina ushahidi wa kukupinga walivyozipanga. Ninachojua ni kwamba kanuni inaruhusu kituo cha nchi kavu kuwa na herufi zake tatu kisha kuongezewa tarakimu, zisizidi tatu, na nchi ikipenda inazitumia kutofautisha mitambo au masafa. Nchi haikai mkiani, iko kichwani.

Na hapo ndipo unapojua pia kwamba hiki si kituo cha wapenzi wa redio ya ridhaa, ingawa 10100.8 iko ukingoni mwa bendi yao. Kolsaini ya ridhaa lazima iishie na herufi. Hii inaishia na tarakimu.

Sasa swali la kukata. Mimi vijana niliowafundisha niliwaambia hivi: chukua alama mbili za mwanzo, nenda nazo kwenye jedwali. Mara nyingi mno mbili zinatosha. Zipo herufi ambazo fungu zima ni la nchi moja, na hapo moja inatosha: B ni China, F Ufaransa, G na M Uingereza, I Italia, R Urusi, na K, N, W ni Marekani. Tarakimu 2 nayo yote ni ya Uingereza. Ndiyo maana ulidhani ni kanuni ya wote, kwa sababu mifano uliyoizoea ni ya wakubwa waliojichukulia herufi nzima. Lakini hata katika mifano yako mmoja hauko salama: kwenye J, Japani ni JAA mpaka JSZ tu. JT ni Mongolia, JW ni Norwei, JY ni Yordani.

Tatu unazihitaji mahali pachache sana, pale ambapo alama mbili zenyewe zimepasuliwa katikati. SSA mpaka SSM ni Misri, SSN mpaka SSZ ni Sudan. 3DA mpaka 3DM ni Eswatini, 3DN mpaka 3DZ ni Fiji. Ukiona SS au 3D, usitamke nchi kabla hujaiona ya tatu.

#15 binti_gati
Nimefuata uzi kimya kimya, sasa nina swali la kweli. Mimi napenda kupiga picha meli na kuzifuatilia kwenye ramani za AIS, ule mfumo ambao meli hujitangaza zilipo. Ile Ever Given iliyoziba mfereji wa Suez Machi 2021, kolsaini yake imeandikwa H3RC. Nilipoona H nikasema Hungaria. Mjomba wangu akasema Honduras, kwa kuwa Honduras ina H. Nyuma ya meli imeandikwa Panama. Kampuni ni ya Taiwan. Nani ni nani?

#16 Bi_Fundi
Ngoja nijaribu, nisafishe jina langu. Alama mbili za mwanzo ni H3. Si HA, si HR. Hungaria ni HA na HG. Honduras ni HQ na HR. H3... naangalia jedwali... H3A mpaka H3Z, Panama! Na H4 ni Visiwa vya Solomon, H2 ni Saiprasi. Kwa hiyo tarakimu inayofuata H inabadilisha bara zima. Nimepita?

#17 Sparks_Mstaafu
Umepita. Na umeonyesha jambo watu wengi wanaliruka: ile 3 ni sehemu ya kiambishi, si pambo. Panama wana meli nyingi kiasi kwamba fungu moja haliwatoshi. Wana HO na HP, wana H3, H8 na H9, wana 3E na 3F. Hivyo meli mbili za Panama zilizoegeshwa ubavu kwa ubavu zinaweza zisifanane hata herufi moja ya mwanzo. Liberia vilevile: EL, A8, D5, 5L, 5M, 6Z.

Kwa mjomba: kiambishi kinasema meli imesajiliwa wapi, basi. Mwenye meli ya Ever Given ni Mjapani, mwendeshaji ni Mtaiwan, bendera ni Panama. H3 inafuata bendera.

#18 binti_gati
Asante sana mzee. Lakini kuna kitu kinanikera. Wakati mwingine kwenye ramani kolsaini inaonyesha nchi moja na bendera inaonyesha nyingine. Hapo jedwali linakuwa limekosea?

#19 Sparks_Mstaafu
Jedwali halijakosea, binti yangu. Ramani hizo mara nyingi huchora bendera kwa kutazama MMSI, ile namba ya tarakimu tisa. Tarakimu tatu za mwanzo ndizo nchi. Ever Given ni 353136000, na 353 ni Panama, hivyo inakubaliana na H3. Kolsaini ni habari nyingine inayochapwa na mtu kwa vidole ndani ya kifaa cha AIS. Meli ikiuzwa na kubadilisha bendera, inapewa kolsaini mpya na MMSI mpya, na fundi anatakiwa aingie abadilishe zote mbili. Nimewahi kupanda meli ambayo karatasi zote zilikuwa za Liberia, D5 imebandikwa wazi kwenye daraja, lakini AIS ilikuwa bado inapiga kelele 9V ya Singapuri, bendera yake ya zamani. Nahodha alidhani tayari imeshabadilishwa. Nilimwonyesha kwenye kioo cha meli jirani ndipo akaamini.

Kwa hiyo zikigombana, usichague mshindi haraka. Tafuta namba ya IMO, ile haibadiliki meli ikibadilisha bendera, uone usajili wa sasa.

#20 Jicho_la_Kati
Naongezea kitu kwa wanaosoma kwenye picha zenye ukungu. Ukidhani umeona kolsaini inayoanza na 0 au 1, rudi ukasome tena. Jedwali halina fungu lolote linaloanza na tarakimu hizo. Huenda ni O au I. Na Q nayo haikugawiwa mtu, kwa kuwa herufi tatu zinazoanza na Q ni misimbo ya kazi kama QTH na QRM. Rafiki yangu alitafuta nchi ya "kituo QRU" wiki nzima. QRU ni mtu anasema hana la kukwambia.

#21 Mpiga_Simu_01
😂😂 kama ex wangu.

#22 Rubani_wa_Kochi
Sasa mimi nawapinga wote na jedwali lenu. Ndege za Fiji zinaandikwa ubavuni DQ. Mfano DQ-FJU. Mzee amesema DAA mpaka DRZ ni Ujerumani. DQ iko humo ndani. Fiji ni Ujerumani?

#23 kijukuu_cha_marconi
Hapo sasa! Sparks, kazi kwako.

#24 Sparks_Mstaafu
Umenikamata pazuri. Kwenye bahari nina uhakika, angani ni mgeni. Ninavyojua, alama za uraia za ndege zinachaguliwa kutoka kwenye mafungu hayo hayo ya ITU, kisha nchi inaijulisha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Ndiyo maana 5Y ni ndege ya Kenya na 5H ni ya Tanzania, kama ilivyo kwenye jedwali. Ujerumani wakachukua D peke yake na kistari. DQ ya Fiji ni ubishi ambao jedwali halijibu. Ukiikuta ubavuni mwa ndege, tumia orodha ya ndege. Ukiikuta ikigongwa kwa Morse baharini, ni Mjerumani.

#25 Mzee_wa_Bendi
Sababu ni rahisi: 3D walikuwa wanagawana na Eswatini, wakaogopa kuchanganywa, wakaenda kuomba pengine.

#26 Rubani_wa_Kochi
Au waliichukua D ya kwenye 3D wakaitupa 3. Mimi ndivyo ninavyoamini. Ila kugawana hakuwezi kuwa sababu, Mzee. Ndege za Eswatini zinatumia 3DC, herufi tatu, hakuna kuchanganya. Fiji nao wangeweza kuchukua 3DN na wasisumbue mtu.

#27 Mzee_wa_Bendi
Wewe ulikuwepo?

#28 Rubani_wa_Kochi
Na wewe?

Tena tukiwa kwenye ndege, ile VT ya India ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya "eneo la mwakilishi wa mfalme". Ni aibu ya ukoloni imebaki ubavuni mwa ndege.

#29 Jicho_la_Kati
Hiyo chai, kiongozi. Inapendwa sana lakini ni chai. India imepewa VTA mpaka VWZ, na pia ATA mpaka AWZ. V ilikuwa ya himaya ya Uingereza kwa jumla: Australia ni VH mpaka VN, Kanada ni VA mpaka VG, na VP na VQ bado ni za Uingereza, ndizo unazoziona kwenye ndege za Bermuda. Kama VT ina maneno ndani yake, basi nitajie maneno ya VH. Ukoloni upo kwenye V, hilo sikatai. Lakini T imefuata foleni tu.

#30 Bi_Fundi
Na K na W za Marekani? Nimewahi kusikia kwamba jeshi la nchi kavu walikuwa na A, wanamaji N. A kwa Morse ni nukta kistari. Ongeza kistari kimoja unapata W. N ni kistari nukta, ongeza kistari unapata K. Inavutia mpaka unataka iwe kweli.

#31 Sparks_Mstaafu
Hesabu ya Morse ni sahihi, .- ikiongezwa - ni W, na -. ikiongezwa - ni K. Kama ndiyo sababu, sijaona aliyeniridhisha. Wengine husema zilikuwa herufi zilizobaki tu wakati wa kugawana. Kinachojulikana ni kwamba vituo vya utangazaji magharibi ya mto Mississippi hupewa K na vya mashariki W, na hata hapo KDKA ya Pittsburgh imekaa mashariki na K yake tangu 1920.

#32 Antena_ya_Waya
Wakuu uzi wangu mmeupeleka Fiji na Mississippi 😂 Lakini nimejifunza. Jana usiku nimejipima. Nimenasa Morse: `CQ CQ DE XSG`. DE nikaitupa. X peke yake nikaangalia, ina Meksiko, Kanada, Chile, kijiji kizima. Nikachukua XS. XSA mpaka XSZ ni China. XSG, Shanghai. Nipeni maua yangu.

#33 Mzee_wa_Bendi
China ni B. Sparks kasema juu hapo.

#34 Antena_ya_Waya
B yote ni China, mzee, lakini si China yote ni B. Wana XS, wana 3H mpaka 3U, na Hong Kong iko VR. Kurudi nyuma hakufanyi kazi, ndiyo somo langu la wiki.

#35 Sparks_Mstaafu
Chukua maua yako. Sasa fanya CHU. Inatoa saa kwenye 7850 kHz, milio kila sekunde.

#36 Antena_ya_Waya
Rahisi. CH, Uswisi. Magari yao yote yameandikwa CH.

#37 Bi_Fundi
🤦🏾‍♀️ Baada ya kunicheka mimi na .de yangu! CFA mpaka CKZ, Kanada. Uswisi ni HB na HE. Na ungengoja kidogo ungesikia mtu akitaja saa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa.

#38 Antena_ya_Waya
Nimerudisha maua.

Swali la mwisho kabla sijalala. Jirani na 7039 kHz kuna kitu kinagonga kistari nukta nukta, kistari nukta nukta, usiku kucha, hakina CQ, hakina DE. Hiyo ni D. D moja tu. Sasa ni Ujerumani, Korea au Ufilipino?

#39 Jicho_la_Kati
Hakuna kati ya hizo. Hapo karibu wapo pia P, S, C, F, K na M, kila mmoja na herufi yake. Wasikilizaji wanavihusisha na jeshi la majini la Urusi, na D wanaiweka Sevastopol. Ukitafuta kwa jedwali, M ingekuwa Uingereza na F Ufaransa, na wewe ungekuwa umepotea njia.

#40 Sparks_Mstaafu
Jeshi hujipa majina yake ya muda na kuyabadilisha litakavyo. Herufi moja si kolsaini ya jedwali, haina mahali pa kukata. Hapo unapima mwelekeo wa mawimbi kwa vipokezi kadhaa, jedwali unalifunga.

#41 Mzee_wa_Bendi
Mimi bado nasema ni Mjerumani.